Disjuntori za Elfu Ishirini na Tano

Abacar alizaliwa Olumbi, akasomea umeme mjini Pemba, na gesi ilipogunduliwa akapata kazi kwenye kambi ya wajenzi karibu na Palma. Kambi ilikuwa na jenereta mbili, na kwadro moja ya kugawa umeme. Disjuntori zake, zile swichi zinazojikata shoti ikitokea, ziliandikwa uwezo wa kukata mkondo wa ampea elfu ishirini na tano.

Watu wakaongezeka, vikajengwa vyumba vipya, ikaletwa jenereta ya tatu. Abacar alisoma kibati chake: X yenye alama mbili kichwani, asilimia kumi na nne na nusu. Ndicho kizuizi pekee cha mkondo ndani ya jenereta mara tu shoti inapotokea. Kikiwa kidogo hivyo, mashine hutoa karibu mara saba ya mkondo wake wa kawaida: ampea elfu kumi kila moja. Akapiga hesabu, akampelekea Engenheiro Ernesto, mhandisi wa kambi.

"Tatu zikiwaka pamoja ni elfu thelathini," alisema. "Mota za pampu zinaongeza nne. Disjuntori hazitaweza."

"Mota zinakula umeme, Abacar. Hazitoi."

"Shoti ikitokea bado zinazunguka, Engenheiro, na sumaku imo ndani. Zinarudisha umeme. Ni kwa kitambo kifupi sana, lakini disjuntori inakata katika kitambo hichohicho. Jenereta mbili na mota tulikuwa elfu ishirini na nne. Tulipona kwa elfu moja tu."

Ernesto aliitazama karatasi. "Nimeomba kwadro mpya. Maputo wanasema miezi mitano."

"Basi tuwashe mbili."

"Na vyumba vipya? Mimi sina amri hiyo."

Abacar naye hakuwa nayo. Akawasha tatu.

Wiki ya tatu, asubuhi, mashine ya kuchimba mtaro iliuma kebo ya jikoni, hatua chache kutoka kwenye kwadro. Cosme, mwenzake wa zamu kutoka Mueda, alikuwa mbele ya kwadro akisoma mita. Abacar alikuwa mlangoni. Disjuntori ya jikoni ilifunguka kama ilivyotengenezwa, ila haikuweza kuuzima moto uliozuka ndani yake. Ikapasuka. Abacar aliona mwanga mweupe, kisha hakuona kitu. Akapapasa sakafuni mpaka akaushika mguu wa Cosme, akamvuta nje.

Cosme alipona, bila jicho la kulia, na vidole vya mkono mmoja havikunjuki. Ripoti ilisema chanzo ni mchimbaji. Jenereta ya tatu haikutajwa, wala mota.

Abacar alikwenda hospitali Pemba. Benvinda, mke wa Cosme, alimpokea kwenye baraza la wodi.

"Shemeji, wanasema hakuna aliyejua."

"Mimi nilijua. Niliandika, nikawaambia."

"Ukawasha?"

"Nikawasha."

Benvinda alimwomba amshikie bakuli la uji, akaingia kumgeuza mumewe.

Jumatatu ikaja disjuntori nyingine, nayo ya ampea elfu ishirini na tano. Abacar aliifunga mwenyewe.