Dakika Moja ya Kutafuta Lengo la Pili

Miaka ile ya tisini tulikuwa wanafunzi watano wa shahada ya uzamili, wote tukifanya utafiti wa ufugaji nyuki kati ya Inyonga na Ugalla. Mkuu wa idara yetu, baada ya kusoma rasimu tulizomtumia kwa posta, alipanda treni kutoka chuoni mpaka Mpanda kutufundisha namna ya kupanga tasnifu. Sisi tulidhani amekuja kutusalimia.

Semina ilifanyika kwenye darasa la kuazima la shule ya msingi. Tulijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Pembeni alikaa mama aliyekuwa akitupigia chapa kazi zetu kwa taipureta. Mkuu ndiye aliyemwalika.

"Mtahini hasomi tasnifu kama hadithi," mkuu alianza. "Anasoma sura ya kwanza, anarukia hitimisho, kisha anarudi nyuma kuangalia hayo majibu uliyapataje. Akikuta mbinu za utafiti pale anapozitegemea, anaendelea. Asipozikuta, anakuchukia kabla hajajua kama una akili."

Tukacheka. Hapo akatoa rasimu yangu mkobani.

"Haya nyie, nitafutieni humu lengo mahususi la pili. Dakika moja." Akavua saa, akaiweka mezani.

Wenzangu wanne wakaivamia rasimu. Mmoja akakuta sura za nne ziko mbili. Mwingine akakuta Jedwali la 7 limetangulia Jedwali la 3. Dakika ikaisha.

"Basi mwenyewe tuoneshe," mkuu akaniambia.

Nikapekua mpaka jasho likadondokea ramani ya Ugalla. Sikuliona. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi kwamba sikuwahi kuwa nalo.

"Ukurasa wa arobaini na moja," akasema yule mama bila kuinuka. "Chini ya picha ya mzinga. Nilikuuliza mbona liko huko, ukaniambia mama, piga tu."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha akasema taratibu, "Mpangilio unamsaidia mtahini, lakini anayeokoka kwanza ni mwanafunzi. Malengo yakikaa pamoja sura ya kwanza, na matokeo yakayafuata kwa utaratibu uleule, penye pengo utapaona mwenyewe kabla hujaulizwa."

Jioni ile niliyapanga malengo yangu upande mmoja wa karatasi na matokeo upande wa pili. Lengo la pili, lililohusu wanawake wauza asali, halikuwa na tokeo hata moja. Nilikuwa nimewasahau kabisa. Nikarudi Inyonga majuma mawili kuwahoji.

Nilipompelekea mama kurasa mpya, alizipitia moja moja kabla ya kugusa taipureta.

"Kichwa hiki umeandika kwa herufi kubwa, hiki kwa ndogo. Chagua."

"Kubwa, mama."

"Basi kaa hapo urekebishe," akasema, akinisogezea kigoda. "Viko vingi."