Kurasa Sabini Kabla ya Jibu

"Ripoti yangu ukiishika, huiweki chini." Maneno hayo Mtafiti aliyasema kwenye sherehe ya kumuaga mtunza stoo, kipaza sauti mkononi, idara nzima ya maji ikisikiliza. Wala hakudanganya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameishika.

Ripoti ilihusu pampu za visima. Miezi mitano alizizunguka, kisha akaandika kila kitu kama kilivyotokea: barua ya kuomba gari, gari kufa betri, mvua, dodoso, mahojiano. Jibu la kwa nini pampu zinakufa lilikuwa ukurasa wa sabini na moja, limejikunyata kama mgeni asiyealikwa.

Alhamisi kamati ya madiwani ingeamua: inunue pampu mpya au itengeneze za zamani. Mtafiti alishapiga suti pasi, maana yeye ndiye angesimama mbele yao. Jumatatu Mkurugenzi akamwita.

"Nimesoma mpaka gari lilipokufa betri," mama yule akasema. "Hapo na mimi nikaishiwa. Madiwani wana dakika kumi. Nimempa mdogo wako aipange upya, na yeye ndiye ataiwasilisha."

Mdogo wako! Alikuwa binti wa meza ya jirani, ana mwaka mmoja kazini, ofisi nzima ikimwita Mkasi. Kutunga dodoso alifundishwa na Mtafiti mwenyewe. Kijicho kikamkwama kooni kama mwiba wa samaki, hakishuki wala hakitapikiki.

Siku mbili akamtazama kwa pembe ya jicho. Mkasi aliweka mapendekezo ukurasa wa kwanza: nini kifanyike, nani akifanye, lini kiwe kimekwisha. Chini yake hitimisho na ushahidi wake. Habari za safari akazihamishia mwisho kabisa.

"Kaka, safari zako ziko kiambatisho cha pili. Sijazitupa."

"Nyuma. Kama tairi la akiba."

"Tairi la akiba ndilo linalokutoa porini, kaka."

Hata utani anamshinda. Jumatano akaomba rasimu "aipitie kidogo", na alivyoipitia ni kama mama mkwe anavyopitia sufuria za mkamwana. Ukurasa wa kwanza, mstari wa pili, akakuta: "kama tulivyoeleza hapo juu". Hapo juu palikuwa na nembo ya idara tu. Akamwambia, wakacheka, Mkasi akafuta. Kosa dogo kulisema hakuna hasara.

Kubwa akalikalia. Mkasi aliandika kwamba pampu arobaini na mbili zilikaguliwa, kumi na saba hazifanyi kazi. Lakini tatu kati ya hizo kumi na saba hazikukaguliwa. Barabara ilikatika, Mtafiti akaziulizia kwa simu. Maelezo hayo yalikuwa ukurasa wa thelathini, katikati ya mvua. Matokeo yalipohamia mbele, tahadhari yake ikabaki nyuma. Na kata yenye pampu hizo tatu ina diwani mkali.

"Leo umekula kama mtu aliyeshinda kesi," mkewe akamwambia jioni.

"Bado haijasomwa, mama watoto."

Alhamisi Mkasi akasimama. Dakika ya kwanza tu kamati ilishajua inaombwa nini: msinunue pampu mpya, nunueni mipira ya kuzibia ndani ya pampu, kwa sababu kumi na moja zimekufa kwa mpira kuisha. Madiwani wakaacha simu zao. Mtafiti hakuwahi kuona madiwani wakiacha simu. Kijicho kilimuuma mpaka kwenye meno.

Ndipo diwani yule akanyoosha mkono. "Binti, kwangu hamkufika. Mlikagua na nini, ndoto?"

Mkasi akafunua karatasi, akafunua tena. Mwenyekiti akaanza kusema labda ripoti irudishwe, na pampu mpya zinunuliwe tu.

Mtafiti aliisubiri dakika hii tangu jana. Aliiona ikija, akaona pia kinachokuja nayo: miezi mitano yake inarudishwa kabatini, na kwenye jalada jina ni lake. Akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mwezi wa tatu, tulipoandika barua ya kuomba gari..."

Mwenyekiti akatazama saa. Simu zikaanza kurudi mikononi. Mtafiti akaiacha habari ya barua.

"Jibu halibadiliki," akasema. "Pampu kumi na moja zinahitaji mpira tu, na zote hizo nilizifungua kwa mkono wangu. Tatu za mheshimiwa tuliziulizia kwa simu, ilipaswa isemwe ukurasa wa kwanza. Ziondoeni, kumi na moja zinabaki palepale."

Mkasi akamtazama kama aliyepewa maji na mtu aliyemfichia kikombe. Kamati ikapitisha matengenezo. Nje ya mlango mikono ilimfuata Mkasi, "hongera binti, umetueleza tukaelewa", na Mtafiti akabaki ameshika makabrasha ya wawili.

Diwani mkali peke yake ndiye aliyemgeukia.

"Huo mpira mmoja ni bei gani?"

"Shilingi mia tatu na hamsini," Mtafiti akajibu, na barua ya kuomba gari hakuitaja.