Mapunye ya Bustani ya Mjukuu Wangu

Maisha yangu yote nimeua ukoka. Nimeukata kwa jembe, nimeung'oa kwa mikono, nimeuanika juani mpaka ukakauka, nimeuchoma moto, na msimu uliofuata ukatokeza tena katikati ya mahindi yangu kama jamaa asiyejua kuaga. Mtu angeniambia kwamba uzeeni nitaupanda kwa makusudi, nitaubembeleza na kuumwagilia maji huku nimefunga saumu, ningemwambia aende akapimwe malaria.

Lakini nina mjukuu. Wengine wana wajukuu, mimi nina mjukuu. Alisomea kazi ya hoteli, akaolewa na kijana wa Kiorma hapa Garsen, na badala ya kukaa kuhesabu mbao za dari akamwomba baba mkwe wake kiwanja kilicho nyuma ya duka, akakifanya bustani ya kukodisha kwa harusi. Nyasi kijani, ukuta mweupe, viti vyenye mikia ya kitambaa. Watu walicheka. Kisha wakaja kuangalia, na waliocheka zaidi ndio waliotangulia kuuliza bei.

Harusi zilizotangulia Ramadhani ndizo zilizoharibu mambo. Wapishi waliweka mafiga ya pilau juu ya nyasi, wakamwaga maji ya chumvi na mafuta ya moto palepale. Akina mama walicheza chakacha kwa visigino vya kuchongoka, mahali pamoja, saa nzima, mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu ya posho mill. Wageni nao wakajikatia njia ya kwenda chooni. Walipoondoka, bustani ilikuwa na mapunye kama kichwa cha mtoto wa chuo cha Kurani.

Baba mkwe wake akaja kutazama. Mzee huyu ni mfugaji wa ng'ombe, mrefu, mkimya, na kiwanja ni chake. Alizunguka na fimbo mabegani, akasema kwamba nyasi zimeshindwa, na kwamba amekwisha kuongea na mwenye lori la mchanga. Idd ikipita atamwaga saruji kiwanja kizima.

Mjukuu wangu hakulia mbele yake. Alilia jikoni kwangu. Harusi ya kwanza baada ya Idd ilikuwa imeshaagizwa, na bibi harusi alichagua pale kwa sababu ya nyasi. Saruji kila mtu anayo, hata kituo cha mafuta.

Nikamwendea mzee.

"Mkwe," nikamwambia, "tuachie Ramadhani hii. Hakuna harusi, hakuna wa kukanyaga. Idd ikifika na bado kuna upara, mwaga saruji yako, nami nitakushikia koleo."

Akaishusha fimbo yake mabegani. "Mkwe, nikiona nyasi pale naona chakula cha ndama wangu kimekaliwa na viti vya plastiki. Lakini sawa. Mpaka Idd."

Mjukuu wangu alianza kabla yangu, kwa haraka ya vijana. Aliagiza mbegu za nyasi kutoka Malindi, akazirusha juu ya ile ardhi ngumu kama anayelisha kuku. Na kweli alilisha kuku. Walichobakiza kuku wakabeba sisimizi, na kilichobakizwa na sisimizi upepo ukakipeleka kwa jirani. Hakukwatua udongo, hakuzifukia, hakuzikandamiza. Nilimwambia kwamba mbegu si sadaka, haimwagwi tu ukangoja thawabu. Akanuna, kisha akauliza, "Sasa tufanyeje, Bibi?"

Tukaenda shambani kwangu Idsowe, kwa yule adui yangu wa siku zote. Ukoka una mikia inayotambaa juu ya ardhi, na kila mkia una vifundo, na kila kifundo kikigusa udongo wenye maji hutoa mizizi. Ndiyo sababu ukiukatakata shambani unauzidisha. Tulichagua mikia minene, ya kijani, tukaing'oa na udongo wake kidogo, tukaitia kwenye gunia lililoloweshwa maji ya mto na kulifunga mdomo. Ukiiacha juani hata kwa muda wa soga mbili tatu, unafika nyumbani na kuni.

Mapunye tulianza kuyatibu kuanzia kwenye mzizi. Palipopikwa pilau tulichimba tukatoa majivu, mkaa na ule udongo ulioshiba mafuta na chumvi, tukaleta mwingine. Palipochezwa chakacha tulikwatua mpaka jembe likaingia bila kulia. Tukachora vijifereji vifupi, kimoja na kingine kiganja kati yao, tukalaza mikia humo, vifundo vikiwa chini ya udongo, ncha yenye majani ikichungulia nje. Kisha unakandamiza kwa unyayo, kila mahali, ili udongo uishike, na unamwagilia palepale kabla hujanyoosha mgongo. Mgongo wangu haukunyooka mpaka magharibi, na futari ile nililishwa kama kifaranga.

Hapo ndipo mzee alipotuletea zawadi. Mkokoteni wa punda umejaa mbolea ya zizini kwake, kavu, imepondeka vizuri, haina hata harufu. Akasimama pembeni akiangalia tukiishusha, kifua mbele. Zawadi ya mkwe huipekui. Tuliitandaza nyembamba juu ya mapunye yote, tukashukuru, tukafunika kwa makuti mepesi ili jua lisichome. Pembeni mjukuu wangu akazungushia kamba, na kuku tukawafungia, wakatutukana kwa lugha yao.

Maji yalikuwa kazi yenyewe. Kisima cha pale kina chumvi, na ukoka mchanga hautaki chumvi, basi tulinunua ya mto, yaliyoletwa na punda. Asubuhi baada ya sala ya alfajiri, na tena alasiri, nilimwagilia kidogo kidogo kwa kopo nililolitoboa matundu, udongo usikauke wala usigeuke uji. Kumwaga maji matamu ardhini ilhali koo lako limekauka kama ngozi ya ngoma ni mtihani ambao sheikh hakuutaja. Kuna alasiri niliuambia ukoka maneno ambayo sitayaandika, kwa heshima ya mwezi.

Lakini ukashika. Majani ya zamani yalipauka, nikamkataza mjukuu wangu kukata tamaa, na baadaye kwenye vifundo vikatoka vijani vipya, vyembamba, vikali kama sindano. Tukayaondoa makuti. Tukaanza kumwagilia kwa kuruka siku, ila maji mengi, ili mizizi iyafuate chini badala ya kuketi juu ikingoja kunyweshwa.

Siku moja mjukuu wangu akaniita kwa furaha. "Bibi, njoo uone, na maua mengine yameota."

Nikaenda. Katikati ya ukoka, kwenye kila punye, vilikuwa vimesimama vimche vya majani madogo madogo kama ya mkwaju, vya kupendeza kabisa. Yalikuwa mathenge.

Kama hukai kwetu, mathenge ni mti wa miba uliovamia malisho yetu yote. Mwiba wake unatoboa kandambili, unatoboa raba, unatoboa gurudumu la pikipiki. Mbuzi hupenda maganda yake kwa sababu ni matamu, na utamu huo unawaozesha meno. Na mbegu wanayomeza haifi tumboni. Inapita, inatoka, inangoja maji. Zizi la mzee lina ng'ombe, lakini mbuzi pia hulala humo. Alituletea zawadi ya msitu.

Mzee alikuja alasiri ileile. Akaona. Akatema mate, na katika Ramadhani wazee wetu hutema mate kama bomba bovu, lakini yale yalikuwa ya hasira.

"Mathenge," akasema. "Yameingia mpaka hapa. Basi imekwisha, Mkwe. Namwita mtu wa lori kesho. Wageni watatembea juu ya miba?"

Mjukuu wangu alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Mkwe haambiwi kosa lake usoni, tena na upande wa mke. Lakini nilikuwa na njaa, na mwenye njaa hana adabu nyingi.

"Mkwe, yamekuja kwa mkokoteni wako. Mbuzi wako ndio walioyapanda. Ukitaka kuleta lori, waletee mbuzi."

Mjukuu wangu alitazama chini kana kwamba anatafuta shimo la kuingia. Mzee aliinama. Akachukua kidonge cha mbolea kilichobaki kizima, akakivunja kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na mbegu. Akakiangalia muda mrefu, akakitupa, akaondoka bila salamu. Usiku huo mjukuu wangu hakuja kufuturu nami, na nilikula tende zangu peke yangu.

Alasiri iliyofuata nilikuwa ninamwagilia maji ya kulegeza udongo, maana mathenge huyang'oi pakavu, yanakatikia shingoni na kuchipua tena. Lango likalia. Mzee aliingia na gunia tupu, akalikunja, akaliweka chini, akapiga magoti juu yake. Mtu ambaye hapigi magoti ila msikitini.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha. Kidole cha kushoto kinaushikilia ukoka usiinuke, mkono wa kulia unakamata kimche chini kabisa na kukivuta wima, polepole, mpaka mzizi wote utoke. Palipoinuka unakandamiza, unanyunyizia maji. Alijifunza upesi. Kila alichong'oa alikitia mfukoni, hakukitupa. Niliuliza ni cha nini, akasema atakichoma mwenyewe nyumbani mbele ya mbuzi, wapate kuona. Mjukuu wangu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana yake, na mzee akajifanya hakusikia. Alikuja kila alasiri, maana vilivyokawia viliendelea kuota, na magoti yake yakapiga kelele kuliko ya kwangu. Nilimwambia hivyo. Akasema ya kwangu yamekwisha kunyamaza kwa sababu yamekufa.

Mkesha wa Idd alikuja kutoa hukumu. Mapunye yalikuwa yamejaa, si yote. Pale pa wapishi bado palikuwa na upara kama sahani, na nilijua. Mjukuu wangu alisimama na mikono ndani ya buibui.

Mzee hakuangalia upara. Aliinama kwenye nyasi mpya, akakamata kishungi kwa vidole vyote, akakivuta kwa mkupuo wa pembeni, jinsi ulimi wa ng'ombe unavyovuta. Kikakatika. Majani yalibaki mkononi, mizizi ikabaki ardhini. Akajaribu pengine, na pengine.

"Malisho yanayong'oka na mizizi hayafai," akasema. "Haya yameshika."

Kisha akasema mchanga wa lori utakuja, ila kwa ile kona ya wapishi tu, wawe na mahali pa kuweka mafiga yao na mafuta yao. Mjukuu wangu akambusu mkono.

Harusi ilikuja. Nyasi mpya tuliziachia kamba, kwa sababu ukoka mchanga haubebi chakacha. Nilikuwa nimeandaa kiti nilinde mwenyewe, nikakuta kimekaliwa. Mzee alikuwa ameketi pale na fimbo yake, amevaa kanzu ya Idd, na mbele yake shangazi wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye visigino vya dhahabu, mguu mmoja tayari ndani ya kamba.

"Mama," mzee akamwambia, "toa mguu. Hiyo ni mali yangu."