Puto la Valerian Halikungoja Mtu

Valerian Ernesti alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge nje ya Korogwe, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake, mzee Ernesti, alikata mkonge miaka ishirini na miwili bila kujisifu hata siku moja. Mwanawe alipelekwa Ulaya miezi sita tu kusomea filamu, akarudi na miwani ya jua, na tangu siku hiyo ofisini kwetu hatukupumua.

"Kule nje," ndivyo alivyoanza kila neno. Kule nje chai hainywewi hivi. Kule nje watu hawasalimiani kwa kirefu namna hii. Mimi nilikuwa namtazama tu, nikimkumbuka akiwa na kamasi, analia kwa sababu bata wa mama yangu amemfukuza.

Ofisi yetu ilikuwa Kilole, chumba kimoja na stoo, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza vitu vya kusoma kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Mwaka 1975 huo, kila mtu akikimbizana na kampeni ya kufuta ujinga. Mimi, Efrazia, ndiye niliyechora katuni. Katuni iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mkulima mmoja, Kasmiri, aliyejenga ghala la mahindi bila kuvisha bati kwenye nguzo, panya wakapanda wakala kila kitu, mpaka jirani yake akamfundisha. Visanduku sita, na maneno ndani ya maputo yanayotoka midomoni mwa watu.

Valerian akaitazama, akavua miwani. Akasema tutaifanya filamu.

Nitasema kweli ingawa inaniuma: hilo alilijua. Alifunga kamera ya filamu juu ya meza, jicho lake likitazama chini, na chini yake akapanga vioo vitatu, kimoja juu ya kingine, vikiachana kwa matofali. Kwenye kioo cha chini kabisa ililala karatasi ya vilima. Kioo cha kati kilimbeba Kasmiri na ghala lake, ambao nilikuwa nimewakata kwa wembe. Kioo cha juu kilikuwa na mabua ya mahindi ya karibu. Halafu anapiga picha moja, anasogeza mabua milimita nne, Kasmiri milimita mbili, vilima nusu milimita, anapiga tena. Ukija kuitazama ukutani, mabua yanapita mbio, vilima vinajikokota, na unaona kabisa kwamba huyu yuko mbele na kile kiko mbali. Kama ukitazama dirishani ndani ya basi. Nilipoona mara ya kwanza nilisema "Loo!" kabla sijajizuia, na yeye akalisikia, akalihifadhi, akawa ananikumbusha kila wiki.

Kazi ya taabu ilikuwa yangu. Ukimkata Kasmiri kwenye karatasi, anaacha tundu lenye umbo lake. Kwa hiyo vilima vyote nilivichora upya, pamoja na sehemu aliyokuwa amesimama, maana akisogea lazima nyuma yake kuwe na kitu. Mchoro wa siku mbili ukawa wa wiki tatu. Bwana mkubwa alikuwa akipitisha kitambaa cheusi kuizunguka kamera isijione kwenye kioo, halafu anajipongeza kana kwamba ameumba dunia.

Tuligombana juu ya maputo. Yeye alitaka puto litokee, likae sekunde moja na nusu, lipotee. Picha ishirini na nne kwa sekunde, kwa hiyo puto picha thelathini na sita, basi.

"Nani atalisoma?" nikamuuliza.

"Mimi nimelisoma." Na kweli alikuwa amekaa na saa yake ya kuhesabia sekunde, anajisomea mwenyewe kimoyomoyo, mtu aliyemaliza kidato cha nne.

"Wewe si mwanakisomo, Bwana Valerian. Twende darasani tukapime."

"Dada Efrazia, mkanda mmoja ni dakika tatu kasoro. Nikiwangoja wazee wako, nitapata wapi nafasi ya kutembeza vilima?"

Vilima! Mtu amekuja kujifunza kusoma, yeye anamtembezea vilima. Na bado hakutosheka. Puto lenyewe alilibandika kwenye kioo cha Kasmiri, ili Kasmiri akitembea, maneno nayo yatembee. Nikamwambia herufi zinazokimbia hazisomeki. Akaniambia kule nje zinasomeka. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tuliipeleka kijiji cha Kang'ata mwezi wa nane, baada ya mkanda kurudi kutoka Dar es Salaam ulikokwenda kusafishwa. Siku hiyo hiyo alikuja Bwana Mbaruku, mkaguzi wa elimu ya watu wazima, na daftari lake. Valerian ndiye aliyemshawishi: badala ya kumpa kila mtu kitabu, watu wasome filamu, na mkaguzi aandike nani anajua na nani hajui. Atakayeandikwa anajua, anapata cheti.

Basi katika darasa lile alikuwamo Bibi Zamda binti Sadala, mwenye miaka kama sitini, mkulima, aliyehamishiwa kijiji kipya mwaka uliotangulia pamoja na kuku wake na jeuri yake. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono akanivuta kando.

"Mwanangu, mimi nimesoma chuoni tangu sijavunja ungo. Naisoma Kurani, naandika Kiswahili kwa herufi zile zile. Wamekuja hawa wakaniandika kwenye orodha ya wasiojua kusoma. Sawa. Nikajifunza na hizi zao. Leo nataka waniandike tena, na safari hii waandike vizuri."

Tuliziba madirisha ya darasa kwa magunia, saa nane ya mchana, jenereta likinguruma nje. Mabua yakapita ukutani. Watu wakashangilia, Valerian akajaa kifua. Likatokea puto la jirani: "Weka bati kwenye kila nguzo, panya wasipande."

Sasa darasa la Kang'ata lilikuwa na utaratibu wake. Walisoma kwa pamoja, kwa sauti, silabi kwa silabi, na mwepesi alimngoja mzito, maana walikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna atakayeachwa. Wakaanza: "We-ka ba..." Puto limekwenda. Likaja jingine, linateleza pamoja na Kasmiri kuelekea pembeni. "Ni-me..." Limekwenda nalo. Hivyo hivyo mpaka mwisho, watu arobaini wakikatwa maneno mdomoni, wengine wakaanza kucheka kwa aibu, wengine wakainamisha vichwa.

Bwana Mbaruku alikuwa anaandika. Nikachungulia daftari. Ameandika: hawajafuzu.

"Unaona, mkaguzi," Valerian akasema, tena kwa huruma, huruma ya kukera kuliko tusi, "bado wako nyuma sana."

Ebo! Nilifungua mdomo nimpe zake, lakini Bibi Zamda alikuwa ameshasimama. Alishusha gunia la dirisha moja, mwanga ukaingia. Akaenda ubaoni, akachukua chaki, akaandika mstari mmoja kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri mno.

"Mjukuu wangu, njoo. Hiki ni Kiswahili. Soma."

Valerian akacheka. "Bibi, hizo mimi si..."

"Moja," akahesabu bibi. Akafuta ubao kwa kiganja. "Basi. Mkaguzi, mwandike. Huyu hajafuzu."

Darasa lilipasuka. Hata Bwana Mbaruku alijifunika uso kwa daftari. Valerian alisimama pale na miwani yake mkononi, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

"Mstari ulisemaje, bibi?" mkaguzi akauliza.

"Ulisema: mwenye haraka asiwe mwalimu."

Bwana Mbaruku alikuwa mtu mkavu lakini si mpumbavu. Alilifuta neno lake, akatuambia turudi na filamu nyingine baada ya wiki sita, na kwamba safari hii maputo yapimwe na wasomaji.

Nilipima mimi. Nilibaki Kang'ata siku mbili na ile saa ya sekunde, nikaonyesha kila puto kwenye karatasi, darasa likasoma kwa pamoja, nikaandika wakati yule wa mwisho alipomaliza. Lile la bati lilichukua sekunde kumi na moja. Yaani picha mia mbili sitini na nne, kila moja ikipigwa kwa kidole. Kidole cha Valerian. Nilikaa kwenye kigoda nikimhesabia kwa sauti, na sikuwahi kuwa na wiki tamu kama ile. Alipofika mia na tisini akaomba tupunguze. Nikamwambia kule nje hawapunguzi.

Kutembeza tulikubakiza mara mbili tu, mwanzoni na pale panya wanapopanda nguzo, kana kwamba kamera inawafuata toka chini mpaka juu. Na maputo tuliyahamishia kwenye kioo chao wenyewe, kisichosogea. Picha inatembea, inasimama, ndipo maneno yanatokea. Yakishasomwa yanaondolewa, ndipo picha inatembea tena.

Tuliporudi, madirisha yalizibwa tena kwa magunia, na darasa lilisoma kila puto hadi nukta. Walipomaliza lile la bati puto likakaa tuli, roho zetu zikaona kama nusu dakika, kumbe sekunde moja tu, kisha likaondoka, na watu wakapiga makofi kwa sababu safari hii wao ndio walioliruhusu. Bwana Mbaruku akaandika majina arobaini. Bibi Zamda alisimama nyuma ya bega lake kuhakikisha lake.

Ningetamani niishie hapo. Lakini mwaka uliofuata ilitoka ripoti, imepigwa chapa kwa mashine ya stensili, ikasambazwa madarasani kote: "Muda wa Maputo katika Filamu za Wanakisomo," na Valerian Ernesti. Akapandishwa cheo kwa ajili yake, akahamia Dar es Salaam na miwani yake. Niliisoma kwa hasira. Nikachukua nakala moja kati ya mbili zilizoletwa ofisini, nikapanda lori hadi Kang'ata, nikaenda moja kwa moja shambani kwa Bibi Zamda. Nilitaka kumsomea. Akaninyang'anya.

Alikaa kwenye tuta, akasoma kwa sauti, kurasa zote nne, polepole, na sikumharakisha. "Ni-li-gu-ndu-a," alisoma, "kwa u-cha-mbu-zi wa-ngu..." Jua likasogea. Alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza, akaupitisha kidole tena kutoka juu hadi chini.

"Mimi siko humu," akasema.

"Haumo, bibi."

"Na wewe haumo."

"Simo."

Nilidhani atatukana. Nilikuwa na matusi tayari, tungesaidiana. Yeye akaniomba kalamu. Akaandika pembeni ya jina la Valerian, kwa herufi za Kizungu, kila moja kwa zamu yake: "Alifundishwa na Zamda binti Sadala, Kang'ata." Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake: "na Efrazia."

Nakala hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye faili la ofisi. Ile safi niliichana.