"Hadi Sasa" Katika CV Yangu

Kanisa letu hapa Kitale liliniomba nizungumze na wanaotafuta kazi, kwa kuwa kwa miaka mingi nilipokea maombi ya kazi katika ofisi moja kule Bungoma. Nilikubali upesi. Sikumwambia mtu kwamba ofisi hiyo ilikuwa imenipunguza kazini, na kwamba nilikuwa nyumbani kwa dada yangu nikipika na kufua.

Niliandaa muhtasari wa hotuba: soma tangazo lote kabla ya kuandika chochote, tenga sifa za lazima na zile za kuongezea, kisha kwa kila sifa ya lazima, onyesha katika CV mahali ulipoitumia.

Ukumbini nilibandika ukutani tangazo la mtunza stoo wa mbegu na mbolea. Mama mmoja kutoka Saboti alinipa CV yake. Juu kabisa aliandika: mchapakazi, mwaminifu.

"Hayo kila mtu anaandika," nikamwambia. "Tangazo linataka mtu aliyewahi kupokea mali na kuweka rekodi. Wewe umewahi?"

"Si mimi ndiye nilikuwa naweka mbolea ya kikundi chetu? Nilikuwa naandika yenye imeingia na yenye imetoka. Lakini hiyo si kazi ya ofisi, madam."

"Ni kazi. Iweke juu, kwa maneno ya tangazo, mradi iwe kweli."

Alifurahi, watu wakapiga makofi, nami nikajiona mkubwa. Ndipo akasema, "Sasa tuonyeshe yako, tuone ya mtu ako na kazi."

Ilikuwa kwenye faili, mezani, mbele ya macho yao. Ningekataaje? Akaisoma kwa sauti, mpaka pale palipoandikwa jina la cheo changu na maneno "hadi sasa".

Mzee mmoja wa nyuma akainua kichwa. "Hadi sasa? Mimi natoka Bungoma. Hiyo ofisi si ilifunga hiyo idara kabla ya Krismasi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimetoka kuwaambia wasiandike lisilo kweli.

"Ni kweli," nikasema. "Nilipunguzwa. Sikuweza kuliandika hilo."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yule mama alinirudishia karatasi taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Pole, madam. Endelea tu. Tumefika kwa sifa za kuongezea."

Nikaendelea, bila kuwatazama machoni.

Yule mama aliitwa kwenye usaili, akapata kazi. Alinipigia simu kunishukuru, nikajifanya nina mgeni ili nikate mapema. CV yangu nilishairekebisha, nikaandika mwezi nilioondoka. Nimeituma mahali pawili, na bado nasubiri. Ila Jumapili huwa naketi karibu na mlango, niwahi kutoka kabla ya watu kuanza kusalimiana.