Ng'ombe Yuko Wapi?

Fundi Cheche alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa mageti na madirisha ya nondo, na watu wa mtaa wake walimjua kama mtu asiyejua woga. Alipanda mapaa ambayo wenzake waliyaangalia tu wakiwa chini. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomtoa jasho, nalo ni kusoma kwa sauti. Shuleni alikuwa akigugumiza, darasa zima linaangua kicheko, na tangu hapo kila kilichoandikwa alikisoma kimoyomoyo.

Siku moja mlezi wa kituo cha watoto alikoshinda mwanawe, Kidoti, alimwita pembeni.

"Baba Kidoti, mwanao ana mwaka na miezi tisa, na mimi nimemsikia maneno matatu tu," mlezi alisema. "Halafu ni mkaidi kidogo, nikimwita ananipuuza. Hebu msomeeni vitabu nyumbani. Kila siku, hata dakika kumi."

"Mama yake atamsomea."

"Mama yake anashinda akifua nguo za hospitali mpaka jioni, na wewe ndiye unayemchukua hapa. Msomee wewe."

Siku hiyo hiyo alipitia dukani akanyakua kijitabu cha kwanza alichokiona, chembamba, cha karatasi laini kama gazeti. Hakumaliza hata ukurasa. Kidoti alikivuta, akakipasua katikati, akajaza karatasi mdomoni. Cheche akacheka, akaenda jikoni kuchukua maji. Aliporudi, aliona kitu kinang'aa kwenye mdomo wa chini wa mtoto. Ilikuwa pini ile ya kubania kurasa, imenyooka kama sindano.

Aliichukua kwa vidole viwili. Kisha akatambua kwamba kijitabu kilikuwa na pini mbili. Alipiga magoti, akapapasa mkeka mzima, akakung'uta nguo za mtoto, akamchungulia kinywa mpaka mtoto akalia. Pini ya pili aliikuta bado imeshikilia kipande cha jalada chini ya kiti.

Kesho yake alikwenda kwa mama mmoja aliyeuza vitabu kwenye kibanda karibu na stendi, akamweleza yaliyompata bila kuficha.

"Kaka yangu, wewe ulimpa mtoto kitabu cha watu wazima," mama wa vitabu alisema. "Mtoto wa umri huu anasoma kwa mikono na meno. Njoo uone."

Akamtolea kitabu kidogo chenye kurasa za kadibodi nene. Akakifungua mpaka mgongo ukalala bapa, akakitikisa, akavuta ukurasa kwa nguvu. Hakikuachia.

"Angalia hizi pembe, ni za mviringo, hazichomi jicho. Hakuna pini wala kifungo cha kubandika kitakachong'oka akimeze. Kikichafuka unakifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Na picha ni moja moja, kubwa, siyo msitu mzima kwenye ukurasa mmoja."

"Na hiki chenye vidirisha vya kufunua?"

"Hicho kizuri, ila mkisome pamoja, mkono wako uwepo. Vidirisha huchanika."

Cheche alichukua cha wanyama kisicho na vidirisha. Kisha akasimama tu, kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

"Dada, mimi kusoma kwa sauti si hodari."

Mama wa vitabu alimtazama. "Kwani nani kakwambia usome? Maneno yenyewe ni machache. Wewe muulize. 'Ng'ombe yuko wapi?' Halafu nyamaza umsubiri, hesabu mpaka tano moyoni, usimkatishe. Akionyesha kidole, sema, 'Ndiyo, ng'ombe! Ng'ombe mkubwa!' Akitaka kufungua kurasa kinyumenyume, mwache. Akichoka, funga. Akitaka kilekile mara ishirini, msomee mara ishirini."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni Cheche alifunga mlango kwanza, majirani wasije wakamsikia akiiga mlio wa mbuzi. Lakini Kidoti alicheka mpaka akaangukia mgongo, na kile kigugumizi cha baba hakikumshughulisha hata chembe. Alikaa akimwelekea baba, kitabu katikati yao, macho yakihama kutoka kwenye picha kwenda kwenye mdomo wa baba na kurudi. Baada ya wiki tatu alikuwa anamletea kitabu mwenyewe, anamgonga nacho gotini. Ukimuuliza mbwa, anagusa mbwa. Ukimuuliza kuku, anagusa kuku. Kutamka tu ndiko kulikokuwa hakujaja.

"Akili anayo," Cheche alimwambia mkewe. "Maneno yatakuja."

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mama amelala chumbani amechoka, baba na mtoto walikuwa sebuleni. Cheche akazua mchezo mpya. Alikiinua kitabu, akajificha uso nyuma yake, picha zikimtazama mtoto. Akauliza kwa sauti ya chini, asimwamshe mama, "Ng'ombe yuko wapi?"

Hakuna kidole kilichogusa ukurasa.

Akahesabu mpaka tano. "Kidoti. Ng'ombe yuko wapi?"

Alichungulia pembeni. Mtoto alikuwa ameketi vilevile, kidole kimoja tayari hewani, anasubiri mchezo uanze. Cheche akakishusha kitabu, uso ukaonekana, akauliza kwa sauti ileile. Kidole kikaenda moja kwa moja kwa ng'ombe.

Akainua tena. Akauliza paka. Hakuna. Akashusha, akauliza paka. Papo hapo. Mara ya tatu alificha uso akapaza sauti kidogo, kama anavyoongea kwenye karakana yake, na mtoto akainua kichwa akatabasamu.

Sauti ya chini mtoto hakuwa akiisikia. Alikuwa akimtazama mdomo. Muda wote ule.

Akasimama nyuma yake, akamwita jina kwa upole. Kidoti aliendelea kutafuna pembe ya kitabu. Ule ukaidi wa kituoni, ule wa kumpuuza mlezi, ukampitia akilini, sasa ukiwa na sura mpya ya kutisha. Halafu likaja la kutisha kuliko yote: karakana. Kidoti alipokuwa mchanga, mama yake alikuwa akimleta pale, mashine ya kukata vyuma inapiga kelele mpaka ukuta unatetemeka. Yeye Cheche mwenyewe siku hizi husikia mluzi masikioni akijilaza. Ni mimi, akajiambia. Nimemuua masikio mwanangu.

Hakusema. Siku tatu hakusema. Alidondosha sufuria nyuma ya mtoto, mtoto akageuka, naye baba akafurahi kama aliyeachiwa huru. Alimnong'oneza, mtoto hakugeuka, furaha ikayeyuka. Kazini alichomelea bawaba upande usio wake, mwenye geti akamuuliza kama anaumwa. Jioni ya tatu mkewe alisimama mbele yake.

"Baba Kidoti, kuna nini? Humsomei mtoto. Unamvizia tu kama paka anavyomvizia panya."

Alikwenda kuchukua kitabu, akamwonyesha: kitabu juu, kitabu chini. Mkewe aliangalia mara mbili, akajiketisha polepole ukingoni mwa kiti.

"Siku tatu umekaa na hili peke yako?"

"Nilidhani nikilisema litakuwa kweli."

"Kesho asubuhi tunakwenda. Sote."

Kliniki ya masikio ilikuwa na benchi refu na mlango mmoja wa kijani. Kila ulipofunguka, Cheche alitamani jina lao lisiitwe. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliuliza walijuaje. Cheche akaanza kugugumiza, maneno yakakwama. Akatoa kitabu mfukoni.

"Nionyeshe tu, baba," daktari alisema.

Akaonyesha: kitabu juu, kitabu chini. Daktari hakucheka. Alimlaza Kidoti kifuani mwa mama, akachungulia sikio kwa kikurunzi, kisha la pili. Akaweka kizibo laini cha mpira sikioni, na mashine ndogo ikachora mstari. Mstari ulilala bapa. Upande wa pili, bapa vilevile.

"Anapata mafua mara kwa mara?"

"Kila mwezi," mama alijibu. "Huko kituoni wanaambukizana."

"Mstari bapa maana yake kuna majimaji nyuma ya ngoma za masikio, pande zote mbili. Anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye ndoo. Sauti kubwa inapita, ya upole haipiti. Akiona midomo yenu anajisaidia."

Cheche akauliza, "Daktari, ni kelele za karakana yangu?"

"Hapana. Kelele haileti majimaji. Ila mtoto usimpeleke karakana, na wewe mwenyewe uvae vya kuziba masikio, tutayaangalia na yako." Akaandika kidogo. "Mara nyingi majimaji haya huondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu. Siwezi kukuahidi. Yasipoondoka, kuna upasuaji mdogo wa kuweka vijibomba masikioni ili yatoke. Kwa sasa mkiongea naye mkae karibu, mzime redio, aone uso. Na kusoma msiache. Ndiko kulikomfundisha kujitafutia njia."

Miezi mitatu ile ilikuwa mirefu. Cheche alisoma kila jioni uso kwa uso, lakini kila swali lilikuwa na ncha. Akimwuliza mbuzi, anahofu jibu. Mtoto akikohoa, anashika kichwa. Aliota vijibomba, aliota chumba cha upasuaji, na mara mbili alijikuta amesimama nje ya kituo cha watoto saa nne asubuhi bila sababu, anachungulia dirishani kuona kama mwanawe anageuka akiitwa. Mlezi, aliyekwisha kuelezwa yote, alimwashiria kwa mkono: nenda kazini, baba.

Siku ya kurudi kliniki, kizibo kilipoingia sikio la kulia Cheche alifumba macho. Mkewe ndiye aliyemfinya afumbue. Mstari ulikuwa umepanda, kilima kizuri katikati ya karatasi. La kushoto kilima kilikuwa kifupi, bado kinajikongoja.

"La kulia limekauka," daktari alisema. "La kushoto linaelekea. Hatukati mtu leo. Mje baada ya miezi mitatu tena, na akipata mafua mazito au maumivu ya sikio mje mapema."

Cheche alitaka kushukuru, akagugumiza, akaacha, akashika mkono wa daktari akautikisa kupita kiasi.

Maneno yalikuja kidogo kidogo: "maji", "viatu", "sitaki", hilo la mwisho mara nyingi kuliko yote. Kufikia miaka miwili na nusu alikuwa bado nyuma ya wenzake kidogo, na mtaalamu wa usemi alikuwa akimwona mara moja kwa mwezi. Sikio la kushoto lilikauka, likajaa tena kwa mafua ya msimu wa baridi, likakauka. Hofu ya Cheche nayo ilikwenda na kurudi hivyo hivyo. Siku moja wakiwa barabarani, pikipiki ilikuwa ikija mbali nyuma yao, mbali mno, na mtoto akamshika baba suruali akasema, "Inakuja." Cheche alikuwa hajaisikia. Akamnyanyua begani, wakasogea pembeni, wakaisubiri ipite.