Nusu Dakika za Mpiga Picha

Mama Kanda ametunza maktaba ya kanda za kituo cha televisheni kwa miaka ishirini na sita. Mwaka huu wameletewa programu ya kompyuta. Inasikiliza maneno na kuyaandika, inatazama picha na kutaja vilivyomo, kisha inabandika mada: mafuriko, uchaguzi, soko. Pasipo na maneno inabandika "kimya". Ijumaa kila kimya kinachozidi sekunde kumi kitafutwa, na kanda zenyewe zitatupwa.

"Mama, hizo takataka tu," mhariri alisema.

Takataka! Marehemu mumewe alikuwa mpiga picha wa hapohapo. Kila mahojiano yakiisha, aliwanyamazisha watu nusu dakika ili arekodi sauti ya chumba, ya kuzibia sehemu zitakazokatwa. Kamera ilikuwa begani mwake, kwa hiyo pumzi zake zinasikika.

Mama Kanda akamsihi mhariri mpaka akalegea. "Haya, mama. Zitafute zake, nitaziweka kando."

Akaandika jina la mumewe. Hakuna kitu; lebo za kanda ziliandikwa majina ya watangazaji tu. Akaipa programu picha yao ya harusi iitafute sura yake. Hakuna kitu. Mtu wa nyuma ya kamera haonekani wala hasemi.

Akabonyeza "kimya". Vipande elfu arobaini, vya wapiga picha wote.

Akavaa hedifoni, akafungua cha kwanza, akafumba macho. Aliyekuwa anapumua ni mtu mwingine. Akafungua cha pili.